Natimiza miaka 50 na sitaki zawadi: mwaliko niuandikeje?

Shangazi, shikamoo.

Novemba hii natimiza miaka 50 na nimeamua kujiandalia sherehe mwenyewe, uani kwangu, panapotosha watu kama 40. Nimekwama kwenye ujumbe wa mwaliko. Niliouandika ni huu:

“Habari zenu wapendwa. Tarehe 14 natimiza nusu karne! Karibuni sana nyumbani kwangu saa 10. Vaeni mpendeze. Tafadhali msijisumbue na zawadi, ila mwenye kuguswa anaweza kutuma chochote kwa namba hii hii.”

Binti yangu kausoma akasema unasikika kama tangazo la mchango. Rafiki yangu naye anasema nikikataza zawadi nitaonekana najidai. Ukweli ni kwamba nyumba imejaa vitu na sihitaji kitu, na baadhi ya ninaotamani waje hali zao si nzuri kwa sasa. Hayo maneno ya namba niliyaongeza kwa sababu kaka yangu alisisitiza kwamba watu watauliza watume wapi. Niandikeje nieleweke bila kukosa adabu?

Mama wa Novemba

*

Marahaba, Mama wa Novemba, na hongera mapema.

Binti yako ana haki. Namba ya kutumia pesa ikishaingia kwenye mwaliko, yaliyotangulia yote hupoteza nguvu. Mgeni husoma “msijisumbue”, kisha anaona namba, na moja kwa moja anajua kipi kati ya hivyo viwili ndicho kinachosubiriwa. Anayejimudu atatuma na kusahau. Asiyejimudu, yule yule unayemtamani zaidi, atakaa na ujumbe wako siku tatu akipiga hesabu, halafu atakuandikia kwamba amepata udhuru. Hutajua kamwe kwamba udhuru wenyewe ulikuwa ile namba. Ifute leo.

Ila hata ukiifuta, “msijisumbue na zawadi” peke yake haitoshi. Sisi tumelelewa na methali ya mkono mtupu haulambwi, na neno “msijisumbue” tunalisikia kama tunavyosikia “aah, ungeacha tu” ya mwenyeji anayepokea mfuko huku akitabasamu. Ni adabu tu, hakuna anayelichukua kama ombi. Matokeo yake ni kwamba nusu ya wageni huja na kitu na nusu huja bila kitu, na wale waliokutii ndio wanaoona aibu pale mlangoni. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: mwaliko unaomwadhibu mtu aliyeuamini.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua maneno, chagua msimamo. Mwenye sherehe yake ana njia tatu. Ya kwanza ni kunyamaza kabisa kuhusu zawadi, na mtu akiuliza, ajibiwe kwa mdomo. Hii ni njia ya kale na inafaa sana pale ambapo huna neno, zikija sawa, zisipokuja sawa. Ya pili ni kusema waziwazi kwamba hutaki zawadi. Ya tatu ni kuelekeza: badala ya vitu, kila atakaye alete kitu cha aina fulani au asaidie jambo fulani unalolijali. Njia ya tatu ina mtego wake, kwa sababu hata ukiomba kidogo bado umeomba, na anayefanya sherehe yake mwenyewe anaomba kwa ajili yake mwenyewe. Kwenye harusi au msiba kuna watu wengine wanaosimama mbele kuomba. Hapa ni wewe tu, jina lako likiwa mwanzo wa ujumbe na mwisho wake.

Wewe hali yako umeshaieleza: huhitaji kitu, na kuna wageni ambao zawadi itawazuia kuja. Basi kunyamaza hakukufai, maana aliye na hali ngumu akikuta kimya atadhani lazima. Chukua njia ya pili, uiseme kama ombi lako mwenyewe, si kama ruhusa unayompa mgeni. “Si lazima kuleta zawadi” ni ruhusa, na ruhusa mtu anaweza kuikataa kwa ukarimu. “Nakuomba uje mikono mitupu” ni ombi, na kulikataa ni kukukatalia wewe. Ona pia kwamba ombi hilo halielezi mengi. Usiandike kwamba nyumba imejaa vitu, maana aliyekupa vyombo mwaka juzi atasoma na kujiuliza kama vyake ni miongoni mwa vilivyojaza. Usiandike kwamba unajua watu wana hali ngumu. Hilo ni la moyoni mwako, na likiwekwa kwenye ujumbe linamwonyesha mtu kidole mbele ya wenzake. Na usiingize utani wa aina ya “zawadi ni zile tu zinazoingia kwenye bahasha”, hata kama umeona wengine wakiutumia na watu wakacheka. Wanaocheka ni wale wenye bahasha.

Rafiki yako anaogopa kwamba utaonekana unajidai. Hilo hutokea pale kukataza kunapokuja kwanza na kwa ukali, kwa mfano: “Zawadi haziruhusiwi.” Likitanguliwa na unachokitaka hasa, yaani mtu mwenyewe, halina kiburi chochote.

Sasa, kuna watu ambao hata uwaombe vipi hawawezi kuvuka kizingiti bila kitu. Hao wape pa kushika. Waombe picha ya zamani mliyopiga pamoja, kama wanayo, waitume kwa simu wiki moja kabla ili uziunganishe. Nasema “kama wanayo” kwa makusudi, kwa sababu mtu uliyefahamiana naye mwaka jana tu hana picha ya zamani, na hatakiwi ajione pungufu. Usiombe barua, wala shairi, wala kila mmoja aandae maneno ya kusema. Hiyo ni kazi ya nyumbani, nayo ni ghali kuliko zawadi kwa mtu ambaye kalamu si rafiki yake.

Hayo ndiyo ya zawadi. Mengine kwenye ujumbe wako ni mepesi, lakini yamebeba makosa ambayo yatakuletea simu nyingi siku ya tukio.

Saa kwanza. Umeandika “saa 10” tupu. Anayesoma saa kwa Kiswahili ataelewa jioni, na hata yeye atakuwa anakisia tu kwamba si alfajiri. Kijana aliyezoea saa ya simu yake akiona 10 pale anaweza kuhifadhi 10:00, ambayo ni saa nne asubuhi, akakukuta bado na ndala. Andika vyote viwili: saa 10 jioni (16:00). Hayo mabano yanaondoa mjadala wote, na anayeingiza tarehe kwenye kalenda ya simu ananakili tu.

Kisha tenganisha saa ya kufika na saa ya jambo lenyewe. Ukitoa saa moja tu, wapo watakaofika hapo hapo wakakaa saa nzima wakitazama viti, na wapo watakaoihesabu kuwa mwanzo wa kujiandaa. Waambie mlango uko wazi kuanzia lini, na ni saa ngapi kamili asiyekuwepo atakosa kitu. Watajie na mwisho. Wengine huona ni ukosefu wa ukarimu kutaja saa ya kuagana, lakini mwenye watoto, mwenye safari ndefu ya kurudi na mzee anayetaka kuchukuliwa na mtu, wote wanaihitaji ili waamue kuja. Na mwenyeji pia hupumzika, tusidanganyane.

“Tarehe 14” nayo ipe siku, mwezi na mwaka. Ujumbe wa simu husambazwa na kusomwa siku ambazo hukuzitarajia, na siku ya juma ikiwa pembeni ya tarehe, kosa la kidole likitokea mtu anagundua. Akiona Jumamosi na tarehe haviendani atauliza. Akiona tarehe peke yake atakuja siku isiyo yake.

Kuhusu mahali, kiungo cha ramani ni kizuri lakini hakitoshi. Kinamfikisha mtu karibu, si mlangoni. Ongeza sentensi moja ambayo ungemwambia mtu aliyepotea akikupigia: rangi ya geti, nyumba ya ngapi baada ya kitu gani kinachoonekana, gari liachwe wapi. Alama iwe kitu kisichohama. “Pale wanapouza matunda” haifai, maana jioni hiyo huenda muuzaji asiwepo.

Mavazi ndipo watu wengi huirudisha kwa mlango wa nyuma gharama waliyoiondoa kwenye zawadi. Unamwambia mgeni asilete kitu, kisha unamtaka avae rangi ambayo hana, na yule uliyemhurumia anaishia kununua gauni. “Vaeni mpendeze” yako haina ubaya huo, ubaya wake ni kwamba haisemi lolote. Mmoja atakuja na suti na mwingine na fulana, na wote wawili watajiona wamekosea. Mgeni anataka kujua mambo mawili tu: rasmi kiasi gani, na atakuwa amesimama wapi. Kama uani kwako ni nyasi, sema, kwa sababu kisigino chembamba huzama kwenye nyasi na mwenye nacho ataishia kutembea peku. Kama jioni kunapoa, mwambie abebe cha kujifunika. Ukitaka rangi moja kwa ajili ya picha, chagua ambayo karibu kila kabati inayo, na uiombe kwa kipande kidogo tu, hata leso au hereni, na uache mlango wa kutokuwa nayo.

Jambo jingine ambalo ujumbe wako umelisahau ni nani hasa ameitwa. “Karibuni” kwa watu wengi, bila jina, husomeka kama “njoo na uliye naye”. Watu 40 wa uani wanakuwa 70. Muite mtu kwa jina lake na useme mwaliko ni wa nani: wako peke yako, wako na mwenzi wako, au familia nzima. Na weka tarehe ya kujibu, angalau wiki mbili kabla, pamoja na sababu, kwa maana mtu hujibu haraka zaidi akijua kuna kiti kinachosubiri jibu lake.

Nimeyapanga hivi. Badilisha utakavyo, ila mpangilio usiuguse sana:

“Mpendwa (jina),

Novemba natimiza miaka 50, na ningependa tuwe pamoja siku hiyo.

Ni Jumamosi, 14 Novemba 2026, nyumbani kwangu. Karibu kuanzia saa 10 jioni (16:00). Saa 11 kamili (17:00) tutakuwa na maneno machache na picha ya pamoja, na tutaagana saa 2 usiku (20:00).

Geti ni la kijani, nyumba ya tatu baada ya shule ya msingi, mkono wa kushoto. Magari yataegeshwa ndani ya uwanja wa shule. Ramani iko chini ya ujumbe huu.

Vaa nguo nadhifu uliyonayo na unayoipenda, si lazima iwe rasmi. Ukiwa na kitu chochote cha bluu, hata leso, kitanogesha picha. Tutakuwa kwenye nyasi, kwa hiyo viatu bapa vitakufaa zaidi.

Ninachokitaka siku hiyo ni wewe uwepo, basi nakuomba uje mikono mitupu, bila zawadi. Kama una picha yetu ya zamani, nitumie kwa simu kabla ya 7 Novemba, nazikusanya.

Mwaliko huu ni wako na mwenzi wako. Tafadhali nijulishe kabla ya Jumamosi, 31 Oktoba, ili nijue idadi ya viti.

(Jina lako)”

Angalia zawadi zimekaa wapi: karibu na mwisho, baada ya mgeni kujua kila anachohitaji ili aje, na kabla ya ombi la kujibu. Zikikaa mwanzo zinakuwa ndiyo habari yenyewe. Zikikaa sentensi ya mwisho kabisa, zinabaki masikioni kama jambo lililokuwa likikusumbua muda wote.

Mstari wa mwaliko ni wa nani utaubadilisha kwa kila mtu, na hapo ndipo unaponilazimu nikukataze kuutupa kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya kundi kuna ambao hukuwaita, na mmoja akijibu “nitakuja na zawadi yangu, usinizuie”, wengine 30 wameshasoma na ombi lako limekufa pale pale. Mtumie kila mtu kwake. Ukitumia ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, kumbuka kwamba unawafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na wasioihifadhi hawataupata wala wewe hutaambiwa. Ujumbe mrefu pia hukatwa kwenye skrini mpaka mtu abonyeze kuendelea kusoma, ndiyo sababu siku, saa na mahali nimeviweka juu. Kama binti yako atakutengenezea kadi ya picha, itume, lakini maandishi haya yafuate chini yake, kwa kuwa kwenye picha mtu hawezi kubonyeza ramani.

Wazee na wenye simu za kitochi wapigie, kisha uwatumie SMS ya kumbukumbu. SMS moja ya herufi za kawaida ina nafasi ya herufi 160 tu, na ukitia alama za vikaragosi nafasi hushuka hadi 70, kwa hiyo achana navyo. Hii inaingia ndani ya moja na bado jina lako fupi litapata nafasi:

“Natimiza miaka 50. Karibu nyumbani Jumamosi 14 Nov 2026, saa 10 jioni. Mavazi nadhifu, ya kawaida. Njoo mikono mitupu. Nijibu kabla ya 31 Okt.”

Sasa tuje kwa kaka yako, maana kweli watu watauliza. Watamuuliza yeye, binti yako na rafiki yako kwa sauti ya chini: “Lakini hasa, anataka nini?” Ukiandika mwaliko mzuri kiasi gani, kaka akijibu “ah, tuma tu chochote kwake”, yote yamekwisha. Kaa na hao watatu kabla hujatuma hata ujumbe mmoja, mkubaliane jibu moja fupi: “Amesema hataki, na amemaanisha. Njoo tu.” Kama kaka yako mwenyewe anataka kukufanyia jambo kubwa, afanye siku nyingine, ninyi wawili.

Na siku yenyewe usiweke meza ya zawadi wala sanduku kona yoyote, hata tupu. Meza hiyo inasema kinyume cha ulichoandika. Atakayekuja na mfuko, pokea kwa shukrani ya kawaida, usimgombeze kwa utani mbele ya watu, na mtu wako mmoja aupeleke chumbani mara moja. Usiufungue mpaka wote waondoke, na usitoe shukrani za zawadi kwenye hotuba yako. Mshukuru aliyeleta kesho yake, kwa ujumbe wake mwenyewe.

Ifikapo 31 Oktoba kutakuwa na wasiojibu, wapo kila sherehe. Usiwahesabu kuwa wanakuja wala kuwa hawaji. Wapigie mmoja mmoja, na ukimfikia yule ambaye hali yake si nzuri, usitaje zawadi kabisa. Muulize tu kama atapata usafiri wa kurudi saa 2 usiku, na kama hana, mpangie mtu wa kumrudisha.

Shangazi